Barua ya wazi kwa Kamishna wa Bima, Chama cha Kampuni za Bima na wakuu wa trafiki: ulizeni bima, msiishie kwenye stika

Kwa Kamishna wa Bima na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA; kwa uongozi wa Chama cha Kampuni za Bima Kenya, AKI; na kwa makamanda wa trafiki wa Kisumu na kaunti jirani.

Waheshimiwa,

Mimi ni katibu wa kikundi cha bodaboda hapa Kondele, Kisumu. Kazi yangu kubwa ni karatasi: logibuku, leseni za kuendesha, mikopo ya pikipiki, na vyeti vya bima. Nawaandikia kwa sababu ya vyeti hivyo. Katika stegi zetu cheti kinatazamwa kila siku. Askari anakitazama, mkopeshaji anakitazama, viongozi wa kikundi tunakitazama. Lakini ni wachache mno wanaoiuliza kampuni kama bima iliyotajwa kwenye cheti hicho ipo. Hapo ndipo wauzaji wa vyeti bandia wanapopatia riziki yao, na nyinyi mna uwezo wa kuwafungia mlango.

Nianze na kisa kimoja, maana nilizishika karatasi zake kwa mikono yangu.

Mwanachama wetu mmoja alikatiwa bima ya thadi pati ya mwaka na kijana aliyekuwa na meza na mwavuli karibu na stegi. Kijana alijitambulisha kuwa ajenti wa kampuni inayojulikana. Bei yake ilikuwa nafuu kuliko aliyotajiwa kwingine, na hakukuwa na foleni. Mwanachama alituma pesa kwa M-Pesa, akapokea faili ya PDF kwa WhatsApp, akaichapisha kwa rangi na kuiweka ndani ya plastiki. Jina lake lilikuwa sahihi, namba ya pikipiki sahihi, nembo ya kampuni ipo, namba ya cheti ipo, na alama ya QR ipo kwenye kona. Kwa miezi kadhaa alisimamishwa barabarani na kuachiliwa. Askari alikuwa akiangalia tarehe ya mwisho, anaona bado, anamwambia endelea.

Kisha akamgonga mama mmoja muuza omena upande wa Mamboleo, kwenye barabara ya Kakamega. Mama alivunjika mguu. Mwanachama hakukimbia. Alimpeleka hospitali, akajipeleka kituoni, akatoa cheti chake akiamini kabisa kwamba bima itamsimamia. Afisa alinakili jina la kampuni na namba ya cheti kwenye abstrakti ya polisi. Kuanzia hapo uongo wa yule kijana wa mezani ukawa umeandikwa kwenye karatasi ya serikali yenye muhuri.

Wakili wa mama aliiandikia kampuni. Jibu lilichelewa, na lilipokuja lilikuwa fupi: namba hiyo ya pikipiki haimo kwenye vitabu vyetu, na namba hiyo ya cheti tuliitoa kwa gari lingine. Simu ya kijana ilikuwa imezimwa zamani, na meza yake haikuwapo tena.

Waheshimiwa, nyinyi mnajua sheria kuliko mimi, lakini wasomaji wengine wa barua hii wanahitaji kuelewa jibu lile lilikuwa na maana gani kwa yule mama. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inaitaka kampuni ilipe hukumu ya mahakama kwa mtu aliyeumizwa na chombo ilichokikatia bima, hadi shilingi 3,000,000 kwa mtu mmoja. Wajibu huo unatokana na bima iliyokatwa kweli. Mahali ambapo hakuna bima, kampuni haina la kujibu, hata kama nembo yake imechapishwa kwa rangi nzuri kiasi gani. Anayebaki kudaiwa ni mwenye pikipiki, na pikipiki yenyewe mara nyingi bado ina mkopo. Mama anaweza kushinda kesi asipate chochote. Yule mama wa omena alichangiwa na jamaa zake na wanawake wenzake wa sokoni.

Baada ya hapo niliketi na kile cheti nikilinganisha na vyeti halali vya wanachama wengine. Nataka kuwaonyesha nilichokiona, kwa sababu makosa yaliyokuwamo yangeweza kuonekana siku ya kwanza kama mtu angejua pa kutazama.

La kwanza lilikuwa tarehe. Bima ya mwaka kwa kawaida huisha siku moja kabla ya tarehe iliyoanza: ikianza tarehe 14 Machi, inaisha tarehe 13 Machi ya mwaka unaofuata. Kile cheti kilianza tarehe 14 na kuisha tarehe 14. Mtu aliyekitengeneza alihesabu mwaka kama tunavyohesabu siku ya kuzaliwa. Ni kosa dogo, na mwenzake mwerevu zaidi hatalifanya, kwa hiyo tarehe peke yake haitoshi kuthibitisha lolote.

La pili lilikuwa namba ya chasi. Mahali pa chasi palikuwa pameandikwa namba ya injini. Muuzaji alikuwa amepigiwa picha ya logibuku na akasoma mstari usio wake. Hili ni la kuangaliwa sana, kwa kuwa watu wetu wakishaona namba ya usajili iko sawa wanaridhika, hawashuki hadi kwenye chasi.

La tatu ndilo lililonitia uchungu zaidi. Ile alama ya QR ilikuwa halali. Nilipoisoma kwa simu ilifungua taarifa za cheti cha kweli, cha kampuni ile ile, ambacho muda wake haukuwa umekwisha. Ila cheti hicho kilikuwa cha pikapu ya biashara, aina ya B, wakati pikipiki hupewa aina ya D. Namba ya usajili iliyotokea kwenye skrini haikufanana hata kidogo na iliyochapishwa kwenye karatasi. Mtu alikuwa amechukua cheti cha kweli, akakata alama yake, akaibandika kwenye karatasi ya uongo. Ukisoma QR haraka haraka, ukaona ukurasa umefunguka na neno la kuonyesha kwamba cheti ni hai, utaridhika na kuondoka. Yeyote anayesoma alama hiyo lazima alinganishe vitu vitatu kati ya skrini na chombo chenyewe: namba ya usajili, chasi na aina ya cheti. Na ni chombo chenyewe, maana karatasi ndiyo inayoshukiwa.

Upo pia ujanja wa QR inayompeleka mtu kwenye tovuti iliyotengenezwa ifanane na ile rasmi. Dawa yake ni kutoanzia kwenye karatasi kabisa. Uhakiki uanzie kwenye namba ya usajili iliyo kwenye logibuku, uingizwe na anayehakiki mwenyewe kwenye mfumo rasmi wa vyeti vya kidijitali wa AKI, ule wa DMVIC, kwa anwani aliyoiandika yeye kwa mkono wake. Kama chombo hakina cheti hai huko, basi kilichobandikwa juu yake hakina uzito, hata kiwe kizuri namna gani.

La nne sikulikuta kwenye cheti. Nililikuta kwenye simu ya mwanachama, katika ujumbe wa M-Pesa. Pesa zilikwenda kwa jina la mtu na namba ya simu. Malipo yanayokwenda kwenye Pay Bill ya kampuni huleta ujumbe unaotaja jina la kampuni na akaunti uliyoiandika. Sheria ya Bima, kifungu cha 156, haitaki kampuni ibebe dhamana kabla ya malipo kupokewa. Kwa mnunuzi wa kawaida hii ni kinga kubwa, ikiwa tu pesa yake inakwenda moja kwa moja kwa kampuni. Pesa iliyokwenda kwa Otieno au Wanjiku wa mezani haijafika kwa kampuni, na hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba itafika.

Hata kiasi chenyewe kinasema kitu. Bima halali ya chombo huja na tozo ndogo ambazo matapeli wengi hawajishughulishi nazo: tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2, mchango wa mfuko wa kuwafidia wenye bima wa asilimia 0.25, na ushuru wa stempu wa shilingi 40. Tuseme bima yenyewe ni shilingi 4,000. Tozo ya mafunzo inakuwa shilingi 8, mchango wa mfuko shilingi 10, na stempu shilingi 40, jumla shilingi 4,058. Hati ya malipo ya kampuni huzionyesha mstari kwa mstari. Mwanachama wetu alilipa shilingi 2,500 kamili, na hakupewa hati yoyote isipokuwa cheti. Bei ya mviringo isiyo na mchanganuo haimaanishi lazima kwamba ni utapeli, lakini inatosha kumfanya mtu asimame na kuuliza.

Hiyo ndiyo sura ya kwanza ya udanganyifu, karatasi ya uongo mwanzo hadi mwisho. Sura ya pili ni ngumu zaidi kuigundua, na naomba muitazame kwa makini kwa sababu stika yake ni ya kweli.

Ajenti mwenye leseni anakukatia bima kwa kampuni kweli. Cheti kinatoka kwenye mfumo, QR inasoma vizuri, usajili na chasi vinalingana. Wewe umemlipa ajenti pesa yote mkononi. Yeye amepeleka kwa kampuni sehemu tu, au amekuandikisha kwa mpango wa kulipa kwa awamu na awamu ya pili akaila. Baada ya muda kampuni inaifuta bima kwa kukosa malipo. Ilani ya kufutwa inatumwa kwa barua pepe na namba ya simu iliyoandikwa wakati wa kukata bima, na namba hiyo ni ya ajenti. Kwenye pikipiki stika inaendelea kung'aa na tarehe ya mwisho bado iko mbali. Mwenye chombo hana habari.

Ukikagua karatasi ya namna hii kwa macho, utaipitisha mara mia. Kinachoweza kuifichua ni kuuliza hali ya bima leo, kwenye mfumo na kwa kampuni. Na hata jibu la leo ni la leo tu. Bima iliyokuwa hai Jumatatu inaweza kufutwa Alhamisi. Kwa sababu hiyo kila uhakiki unapaswa kuwa na tarehe na saa, la sivyo hausaidii mbele ya mahakama.

Sura ya tatu nitaipitia kwa kifupi. Cheti ni cha kweli na bima ni hai, lakini imekatwa kwa matumizi mengine, kwa mfano pikipiki ya kubeba abiria kuandikishwa kama ya mtu binafsi ili bei ishuke. Hapo ugomvi na kampuni unaanza siku ya ajali. Anayehakiki asisahau kuuliza bima hiyo ni ya matumizi gani.

Sasa nieleze tunavyofanya sisi, ili msije mkadhani tunawaletea malalamiko bila kujitahidi upande wetu. Cheti kipya kikiletwa ofisini hatukipokei siku hiyo kama ushahidi wa chochote. Tunachukua logibuku, tunatafuta namba ya usajili kwenye mfumo, tunalinganisha chasi herufi kwa herufi, tukisoma mmoja kwa sauti na mwingine akifuata kwa kidole. Kisha tunaipigia kampuni. Namba ya simu hatuichukui kwenye cheti, kwa kuwa aliyeghushi cheti anaweza pia kuandika namba ya rafiki yake atakayepokea na kusema "ndiyo, bima ipo." Tunaitafuta kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, baada ya kuthibitisha kwamba kampuni imo kwenye orodha ya IRA ya waliopewa leseni mwaka huo. Jina la ajenti pia tunalitafuta kwenye orodha ya mwaka huo, maana leseni ya ajenti ni ya kila mwaka, na aliyekuwa nayo mwaka juzi si lazima awe nayo leo.

Tukipata mtu wa kampuni, hatumuulizi kama cheti ni halali. Swali hilo linajibika kwa urahisi mno. Tunamwomba atusomee yeye: namba ya bima, jina la mwenye bima, usajili, chasi, tarehe ya kuanza na kuisha, matumizi, kama malipo yote yamepokewa, na kama kuna ilani yoyote ya kufuta. Tunanyamaza na kuandika. Akisoma kitu kisicholingana na karatasi yetu, tumepata tulichokuwa tunakitafuta. Mwisho tunaomba athibitishe kwa barua pepe ya ofisi.

Mahali tunapokwama ni hapo hapo mwishoni. Kuna kampuni zinazojibu siku hiyo hiyo, na nazishukuru. Kuna tawi moja hapa mjini ambalo liliniambia kwamba taarifa za mteja ni siri na kwamba nimrudie ajenti. Nilikuwa na barua ya idhini ya mwanachama na nakala ya kitambulisho chake. Kumwambia mtu amrudie ajenti, wakati anayeshukiwa ni huyo huyo ajenti, ni kumrudisha kondoo kwa fisi. Ipo sababu ya kulinda taarifa za watu, naielewa. Lakini mwenye bima mwenyewe akitaka kujua kama bima yake ipo, hakuna siri ya nani inayolindwa.

Kwa hayo yote, ninaomba mambo yafuatayo kutoka kwenu.

Kwa Kamishna wa Bima: ziamuruni kampuni zimjulishe mwenye chombo mwenyewe, kwa simu yake, siku bima inapokatwa, siku cheti kinapotolewa na siku bima inapofutwa. Namba hiyo ithibitishwe na mwenye chombo kabla ya cheti kutoka, kwa namba ya siri ya muda inayotumwa kwenye simu yake, kama benki zinavyofanya. Ajenti asiweze kuandika namba yake mahali pa mteja. Hili moja likifanyika, sura ya pili niliyoieleza inakosa pa kujificha, na hata ile ya kwanza inapungua, kwa sababu watu watazoea kwamba bima ya kweli huja na ujumbe kutoka kwa kampuni, na asiyeupata ataanza kuuliza mapema.

Pili, wekeni muda ambao kampuni lazima imjibu mwenye bima anayeuliza kama bima yake ipo. Siku moja ya kazi inatosha, na jibu liwe la maandishi. Anayeuliza kwa idhini ya mwenye bima, kama sisi wa vikundi, apewe jibu hilo hilo.

Kwa AKI: njia ya kuhakiki cheti iwafikie wenye simu za kabambe, bila bando, na maelezo yake yawe kwa Kiswahili na Kidholuo. Wanachama wetu wengi wa umri mkubwa hawana simu ya kusoma QR. Pia ukurasa unaofunguka baada ya kusoma QR uanze na namba ya usajili kwa herufi kubwa kuliko kitu kingine chochote, na chini yake swali: je, ndiyo namba unayoiona kwenye chombo kilicho mbele yako? Neno la kusema cheti ni halali lije baadaye. Mpangilio huo ungetosha kumfanya mtu aishtukie ile pikapu niliyoikuta kwenye cheti cha pikipiki.

Na bandikeni tangazo la njia hiyo mahali ambapo watu husimama na kusubiri: kwenye matawi ya kampuni, kwenye vituo vya ukaguzi wa magari vya NTSA hapa Kisumu na Nakuru, kwenye stegi kubwa. Tangazo liseme waziwazi kwamba pesa ya bima hulipwa kwa kampuni, na kwamba namba ya simu ya mtu binafsi si mahali pa kulipia bima.

Kwa makamanda wa trafiki: nawaomba mambo mawili. La kwanza, maafisa wenu wakisimamisha chombo watafute namba ya usajili kwenye mfumo badala ya kusoma tarehe kwenye plastiki. Najua barabara ya Kondele saa moja jioni haina nafasi ya kukagua kila pikipiki kwa utulivu, wala siombi hivyo. Hata chombo kimoja kati ya vingi kikitafutwa kwa ukamilifu, muuzaji wa vyeti bandia atajua kwamba bidhaa yake haitakaa mwaka bila kugunduliwa. Na chombo kikipatikana na cheti bandia, mwendeshaji aulizwe pale pale aliuziwa na nani, wapi, na alimlipa vipi. Ujumbe wa M-Pesa bado uko kwenye simu yake, na jina la aliyepokea pesa limo. Karatasi ichukuliwe kama ushahidi na jina hilo lipelekwe kwa kitengo cha kuchunguza ulaghai wa bima kilicho IRA, chenye wapelelezi wa polisi. Tulivyozoea kuona ni kwamba mwendeshaji anapelekwa mahakamani, anatozwa faini, anarudi stegini, na muuzaji anaendelea kuuza. Sisemi mwendeshaji asiwajibike kamwe, wapo wanaonunua wakijua. Lakini aliyelipa akiamini amekatiwa bima ni shahidi wa kwanza mlio naye.

La pili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote katika barua hii. Siku ya ajali, kabla jina la kampuni halijaandikwa kwenye abstrakti, afisa aihakiki bima kwa namba ya usajili na aandike alichokiona, pamoja na tarehe na saa. Kama mfumo unaonyesha cheti hai, aandike hivyo. Kama hauonyeshi, aandike kwamba chombo kilionyesha cheti fulani lakini hakikupatikana kwenye mfumo. Mstari huo mmoja ungemwezesha yule mama wa omena kujua ndani ya wiki ya kwanza kwamba hakuna kampuni ya kudaiwa, na wakili wake angeelekeza nguvu kwa mwenye pikipiki na kwa yule muuzaji wakati simu yake bado inaita. Badala yake miezi ilipotea kwa kuandikiana barua na kampuni ambayo haikuwa na uhusiano wowote na ajali ile.

Uhakiki huo siku ya ajali unasaidia pia kampuni zenu. Wapo wanaokimbilia kukata bima saa chache baada ya kugonga mtu, halafu wakadai ilikuwepo tangu asubuhi. Abstrakti yenye saa ya uhakiki inalimaliza jambo hilo bila kesi.

Sisi upande wetu tuko tayari kutoa ofisi yetu ndogo ya Kondele iwe mahali pa kujaribia. Leteni afisa mmoja wa trafiki, mtu mmoja wa AKI na mwenye uwezo wa kuingia kwenye mfumo, na tutawaletea wanachama walio tayari na logibuku zao, tuhakiki mmoja baada ya mwingine. Vyeti vitakavyokosekana kwenye mfumo tutawakabidhi pamoja na majina ya waliouza na ujumbe wa malipo, kwa idhini ya wanachama wenyewe. Ninachoomba kabla ya hapo ni ahadi kwamba mwanachama atakayejitokeza kwa hiari na cheti bandia alichouziwa atapewa nafasi ya kukata bima halali kabla ya kurudi barabarani, na atachukuliwa kama shahidi. Bila ahadi hiyo hatajitokeza mtu.

Nakala ya barua hii nimeipeleka kwa ofisi ya trafiki Kisumu kwa mkono, na zilizobaki kwa barua pepe za ofisi zenu. Barua ya kampuni iliyokana cheti, abstrakti ya polisi na kile cheti chenyewe ninavyo ofisini, na yeyote kati yenu akivihitaji atavipata.

Wenu katika kazi,

Katibu, kikundi cha bodaboda
Kondele, Kisumu